Kitanza ndimi cha kutenganisha ng na ng'

Vitanza ndimi vingi vya watoto hurundika sauti moja mpaka mwisho. Kwa uzoefu wangu wa kuwafundisha watoto kughani mashairi, nimeona kwamba mtindo huo haufai kwa sauti ng' na mwambatano ng. Mtoto akikariri ng'ombe, ng'ambo na ng'oa peke yake, ataanza kuipeleka ng' hata mahali pasipo pake, na siku chache baadaye utamsikia akisema “ng'oma” na “ng'azi”. Kwa hiyo mimi hutunga ubeti unaozipambanisha sauti zote mbili, kama huu:

Ng'ombe wa ng'ambo ang'oa, nguzo ya ngazi ngomeni,
Ngozi ya ngoma yang'aa, ngao yang'ara ngazini,
Ngedere ang'ang'ania, ngano ngumu mdomoni,
Ngamia akang'amua, akamng'ata ngozini.

Kabla ya ubeti kusomwa, mtoto aisikie tofauti kinywani mwake. Sauti zote mbili huanza kwa shina la ulimi kugusa kaakaa laini huku hewa ikipita puani. Katika ng', ulimi huachia taratibu na irabu hufuata moja kwa moja; katika ng, hewa huzuiwa kidogo, kisha g hupasuka kinywani. Mwambie aivute ng' peke yake kwa muda, kisha abane pua kwa vidole. Ikiwa ameitamka sawasawa, sauti itakatika papo hapo, kwa sababu haina njia nyingine ya kutokea. Anayeshindwa kabisa kuipata aseme “anga” polepole sana, asimame kabla ya g kupasuka, kisha kutoka hapo hapo afungue kinywa kwa a.

Mshororo wa kwanza ni wa kuzoea. Ukwapi wake, yaani kipande cha kwanza, una ng' pekee, na utao wake una ng pekee, hivyo ulimi hubadili kazi mara moja tu, penye koma. Kuanzia mshororo wa pili sauti hizo hukutana ndani ya kipande kimoja, na hapo ndipo makosa hujitokeza. Katika “ngozi ya ngoma yang'aa”, mtoto aliyekwisha kutamka ng mara mbili hupenda kuendelea nayo, akasema “yangaa”. Nikisikia hivyo simrudishi mwanzo wa ubeti. Namwambia aseme “ngoma yang'aa” tu, akipumzika kidogo kati ya maneno hayo mawili, kisha naupunguza mwanya huo hadi uishe.

Ugumu mkubwa umo katika “akamng'ata”. Midomo hufungwa kwa m, kisha kabla haijafunguka vizuri shina la ulimi linatakiwa liwe limekwisha kupanda nyuma kwa ng', na kati ya ving'ong'o hivyo viwili hakuna irabu ya kupumzikia. Msichana mmoja niliyemfundisha alikuwa akisema “akamung'ata” bila kujua, na kumwambia kwamba amekosea hakukumsaidia, kwa kuwa sikio lake halikuisikia u aliyoiongeza. Tulichofanya ni kupiga kofi moja kwa kila mizani. Kila kipande cha ubeti huu kina mizani nane, na m ya “akamng'ata” ni silabi kamili: a-ka-m-ng'a-ta-ngo-zi-ni. Yeye alipata makofi tisa, akashangaa, akarudia, akapata tisa tena. Ndipo nilipomwomba afumbe midomo na kuivuta m kwa urefu wa kofi zima, kisha aingie kwenye ng'a bila kuongeza chochote. Makofi yakawa nane. Wengine huimeza m hiyo na kusema “akang'ata”, nao hujigundua kwa njia ile ile, maana hupata saba.

Makofi, hata hivyo, hayakamati kila kosa. Anayesema “akamngata” naye atapata nane, kwa hiyo mwalimu au mzazi hana budi kusikiliza kwa makini kama kuna g inayopasuka. Ni vizuri pia mtoto asome ubeti ulioandikwa kwa ukamilifu, wenye alama ya ritifaa kila inapostahili, kwa sababu “ng'oa” na “ngoa” ni maneno mawili tofauti: la kwanza ni kitendo cha kutoa kitu kilichoshikilia ardhini, la pili ni tamaa au wivu.

Kasi nahimiza iwe ya mwisho. Kwanza mtoto aghani kipande kwa kipande kwa makofi ya polepole, kisha mshororo mzima kwa pumzi moja, na hapo tu ndipo makofi yaongezwe mwendo. Pindi g inapojipenyeza kwenye “yang'ara” au m inapopotea kwenye “akamng'ata”, mwendo umezidi uwezo wake wa siku hiyo. Urudishwe ule uliotangulia, naye aumalizie ubeti kwa mwendo huo.