Hotuba ya kuwashawishi walimu kuandaa masomo pamoja

"Nina dakika kumi kikaoni kuwashawishi wenzangu tuandae masomo pamoja kiidara. Nianze vipi wasione ni mzigo mwingine?"

Mwalimu mwenzangu, usianze na faida. Anza na kosa ambalo kila mmoja wao amewahi kulisahihisha. Kwa Hisabati, andika ubaoni 1/2 + 1/3 = 2/5, jibu lililo dogo kuliko hata nusu yenyewe, kisha uliza kila mmoja hulishughulikia vipi. Mmoja atasema hurudia kanuni ya asili ya pamoja, mwingine huchora mstatili wa vyumba sita ili vitatu na viwili vionekane kuwa vitano, na hapo watatambua, bila kuhubiriwa, kwamba mbinu nzuri imefungiwa katika daftari la mtu mmoja.

Watakaohofia uhuru wao wana haki. Waeleze kwamba mnakubaliana juu ya lengo, kosa linalotarajiwa na swali la kupimia mwishoni, ilhali mifano na mwendo hubaki kwa mwenye darasa.

Omba mada moja tu, na dakika 40 ndani ya ratiba, si baada ya kazi. Wakiishia kugawana mada na kunakiliana maandalio, jambo ambalo hutokea mno, bado kila mmoja ameandaa peke yake.