Msimulizi anayeokoa shingo yake

"Nakusanya hadithi za bibi hapa Mikindani. Nikimweka msimulizi anayesimulia ili asiuawe, kama Alfu Lela Ulela, zitashikana?"

Peke yake haitoshi, ndugu yangu. Mwenzetu aliyekwisha kukujibu kuwa siri ni kukatisha hadithi alfajiri kapatia nusu: kukatisha kunamrudisha msikilizaji kesho, lakini hadithi zenyewe zinaweza kubaki mbalimbali.

Tazama hadithi ya kwanza anayoichagua Shahrazad, yule msimulizi wa Alfu Lela Ulela, kwa mfalme anayetaka kumuua. Mfanyabiashara anatupa kokwa ya tende, inamuua mtoto wa jini, na jini anataka damu yake. Wanatokea wazee watatu: mmoja na paa, wa pili na mbwa wawili, wa tatu na nyumbu. Kila mzee anamwomba jini: nikikusimulia kisa cha ajabu, nipe theluthi ya damu ya huyu. Visa vitatu vinakwisha, mtu anaachiwa. Mfalme amesikilizishwa kesi ya Shahrazad mwenyewe bila jina lake kutajwa. Ndicho kinachoshika mkusanyo: kisa cha ndani kinagusa hukumu ya nje.

Basi anza na zile za bibi zenye mtu anayehukumiwa kwa pupa au anayenunua muda. Yule mwenzetu mwingine wa Newala aliyetaja sungura anayejitetea asiliwe, huyo anaingia vizuri. Zisizogusa hukumu mimi ningeziacha, ingawa wengine wamepachika: Aladini aliingizwa na Galland, Mfaransa aliyetafsiri Alfu Lela Ulela, baada ya kusimuliwa na Hanna Diyab wa Halebu mwaka 1709.

Halafu, msikilizaji wako ni nani, na ana kosa gani la kurekebishwa? Hilo hujasema.