Orodha ya sifa na anachotafuta mnunuzi: mfano wa pawabenki

"Nauza vifaa vya simu mtandaoni. Maelezo ya pawabenki nimenakili kwenye boksi: 20,000 mAh, 74 Wh, taa nne. Watu wanasoma wanapita. Naambiwa niandike faida, ila kila nikijaribu natoka na maneno matupu. Nianzie wapi?"

Mkuu, pawabenki za aina hiyo nimeziuza, na maneno matupu nimeyaandika sana. Niliwahi kuweka "furahia uhuru wa kweli". Ukificha jina la bidhaa, sentensi hiyo ingeuza hata viatu. Hicho ndicho kipimo changu siku hizi.

Shika sifa moja, ujiulize "kwa hiyo?" 20,000 mAh, kwa hiyo? Inachaji simu zaidi ya mara moja. Kwa hiyo? Unaondoka Ijumaa, unarudi Jumapili, hujatafuta soketi. Simama hapo hapo, maana msomaji ameshajiona safarini. Ukiuliza tena utaishia kwenye "utulivu wa moyo", na umerudi kwenye viatu.

Ila hesabu iwe ya kweli. Mimi niligawanya 20,000 kwa betri ya simu ya 5,000 nikaandika "inachaji mara nne". Zikaanza kurudishwa, na wateja walikuwa na haki. Zile 20,000 hupimwa kwenye seli za ndani, ambazo volti yake ni kama 3.7, wakati tundu la kawaida la USB linatoa volti 5. Umeme ukipandishwa hivyo mAh zinapungua, na sehemu nyingine inapotea kama joto, kwenye pawabenki na kwenye simu yenyewe. Nikabadilisha: "Inajaza simu ya 5,000 mAh mara mbili, ya tatu huenda isifike mwisho." Malalamiko ya aina hiyo yakaisha.

Taa nne ni jambo dogo: unajua kabla ya kutoka nyumbani kama imebaki robo au nusu. Mstari mmoja unatosha.

Utajiri uko kwenye 74 Wh, namba ambayo wengi wanairuka. Mashirika mengi ya ndege huruhusu pawabenki isiyozidi 100 Wh bila kuomba kibali, mradi iwe kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo unaokabidhiwa. Kwa hiyo andika: "Unapanda nayo ndege kwenye begi la mkononi (74 Wh, kikomo cha kawaida ni 100 Wh)." Waambie pia wahakikishe na shirika lao, maana masharti ya kuitumia angani yanatofautiana.

Umeona namba haikufutwa? Imehamia nyuma ya faida kama ushahidi. Anayejua vifaa ataitafuta, na asipoiona atadhani unaficha kitu.

Faida hii ya ndege sikuibuni mimi. Niliikuta kwenye jumbe za wateja: "naweza kusafiri nayo?", mara kwa mara, na mimi nilikuwa nimeizika mstari wa mwisho. Fungua jumbe zako kabla hujaandika chochote, kisha swali linalojirudia zaidi lijibu kwenye mstari wa kwanza.