"Lam kataba" ni kosa, kwa nini?

"Kwa Kiarabu nimeandika 'lam kataba' kwa maana ya 'hakuandika', nikakatwa alama. Na la, lan na ma zinataka nini?"

Ndugu, lam yenyewe ndiyo inayorudisha maana nyuma, kwa hiyo kitenzi chake hubaki mudharia, umbo la wakati uliopo na ujao, tena chenye jazimu, yaani hapa irabu ya mwisho huondoka: lam yaktub. Ukitaka kubakiza kataba, weka ma: ma kataba.

Lan ni "hataandika", nayo hunasibu, yaani hapa kitenzi huishia na a: lan yaktuba. Usiongeze sa, maana lan imeshabeba wakati ujao. La ya kukanusha haigusi kitu, dhuma, ile irabu u ya mwisho, inabaki: la yaktubu, "haandiki". Ila la ya kukataza hujazimu: la taktub, "usiandike". Hapo irabu ya mwisho ndiyo inayokuamulia maana.

Wengi hunaswa na vitenzi kama yanaamu, "analala". Baada ya lam, mimu hupata sukuni, yaani hukosa irabu, na alifu iliyo kabla yake nayo ni sakini, herufi isiyo na irabu. Sakini mbili hazikai pamoja hapo, basi alifu huanguka: lam yanam. Kwa lan mimu ina fataha, irabu a, alifu haiondoki: lan yanaama. Ukiona umeandika "lam yanaam", futa alifu.

Kwenye wingi, yaktubuuna hupoteza nuni kwa zote mbili: lam yaktubuu, lan yaktubuu.