LED ya volti 3 imeungua kwenye volti 3

"LED nyeupe imeandikwa 3V. Nimeipa volti 3 kamili, ikawaka saa moja ikafa. Nimekosea wapi?"

Mkuu, nami niliunguza hivyo pakiti nzima ya kutoka Kariakoo. LED ikipata joto, volti inazohitaji hushuka; wewe umeshikilia 3 palepale, basi mkondo unapanda, joto linazidi, mpaka inakufa. Rezista huzuia hilo: mkondo ukitaka kupanda, yenyewe inakula volti zaidi.

Tumia chaja ya simu, volti 5. LED ikichukua 3, rezista inabaki na 2. Kwa ampea 0.015, 2 ÷ 0.015 ni kama omu 133; nunua ya 150, robo wati, uiunge mfululizo na LED. Kila LED iwe na rezista yake. Umeme wa ukutani usiuguse kwa hesabu hii, mwite fundi.