Barua ya shule kwa mtoto mwenye kisukari

"Mwanangu wa darasa la tatu, kilo 27, ana kisukari aina ya kwanza. Mwalimu mkuu hapa Tabora anataka barua. Niandike nini?"

Mama, anza na dharura ya sukari kushuka, maana mwalimu atasoma mistari ya juu tu akiwa na haraka. Andika hivi: "Akitetemeka, akitoka jasho, akizubaa au akigomba bila sababu, apimwe sukari palepale alipo. Kipimo kikisoma chini ya 4.0 mmol/L, au kipimo hakipo, apewe vijiko 2 vya chai vya sukari kwenye maji kidogo. Apimwe tena baada ya dakika 15. Kama bado iko chini, apewe tena kiasi kile kile."

Vijiko hivyo ni kama gramu 8, kiasi kinachofaa uzito wake. Asali inafaa pia. Karanga au maziwa havifai hapo, mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Asitumwe peke yake ofisini, anaweza kuanguka njiani.

Akipoteza fahamu: alazwe ubavu, asinyweshwe chochote kwani atapaliwa, asichomwe insulini, akimbizwe hospitali, nawe upigiwe.

Kwa siku za kawaida, omba apimwe kabla ya chakula cha mchana na kabla ya michezo. Kabla ya kukimbia, akiwa chini ya 5 ale ndizi moja ndogo kwanza. Aruhusiwe kula darasani na kwenda chooni bila kuomba mara mbili.

Mpe mwalimu wa darasa pakiti ya sukari aiweke kwenye droo yake, si stoo yenye kufuli. Daktari wa kliniki yenu aipitie barua na kuigonga muhuri.