Dozi iliyotapikwa haijatolewa: kwa intani wanaoanza zamu wadi ya watoto

Wiki hii kwenye raundi nimekuta tena yale maneno kwenye faili la mtoto ambaye tezi zake za adrenali hazifanyi kazi: "Haidrokotisoni ya stresi kwa mdomo, ianze akiacha kutapika." Aliyeandika ni intani mzuri, msikivu, anayekaa na wagonjwa hata baada ya zamu yake kwisha. Sikumgombeza. Nilimwita pembeni, nikamweleza usiku mmoja wa zamani ambao bado unaniumiza. Kwa kuwa kila kundi jipya la intani linarudia kosa hilohilo, nimeona niliandike mara moja, na ninyi mlisome kabla ya zamu ya usiku, si baada yake.

1. Homa bila kutapika. Hii ndiyo rahisi. Mtoto mwenye tezi za adrenali zisizofanya kazi hawezi kuongeza kotisoli yake mwili unapopata joto, kwa hiyo sisi tunaongeza kwa niaba yake. Wengi tunafuata kanuni ya kadi: homa ikipita 38 dozi ya siku inaongezwa mara mbili, ikifika 39 mara tatu. Mimi napenda zaidi kuhesabu miligramu 30 kwa mita ya mraba kwa siku, zigawanywe mara nne.

Chukua mtoto wa miaka mitatu na nusu, kilo 14, urefu sentimita 95. Zidisha uzito kwa urefu, gawanya kwa 3600, tafuta kipeuo cha pili: unapata mita ya mraba 0.6. Dozi yake ya kila siku ni miligramu 2.5 mara tatu, yaani robo kidonge cha miligramu 10. Kwenye homa anahitaji kama 18 kwa siku, kwa hiyo nusu kidonge, miligramu 5, kila baada ya saa sita. Msisitizo uko kwenye "kila baada ya saa sita". Haidrokotisoni haikai mwilini. Nusu yake hutoweka katika damu ndani ya saa moja na nusu hivi. Ukimpa saa mbili usiku ukasema nyingine asubuhi akiamka, umemwacha usiku mzima bila kitu, na alfajiri ndipo sukari inapoanguka. Mama amwamshe. Homa ikiisha kwa saa 24, rudi moja kwa moja kwenye dozi ya kawaida. Fludrokotisoni, dawa yake ya kushika chumvi, iache ilivyo.

2. Kutapika. Hapa ndipo nilipokosea, na hapa nitakaa.

Nilikuwa intani mwezi wa tatu. Saa mbili usiku mama mmoja alifika na binti yake, mwenye umri na uzito huohuo niliotumia kwenye hesabu hapo juu. Alizaliwa na CAH, hitilafu ya tezi za adrenali, ile aina inayopoteza chumvi, na alikuwa ametapika mara nne tangu asubuhi. Joto 38.6. Mama alikuwa ameshamwongezea dozi mchana, ikatoka yote. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Sukari ilikuwa 3.4. Mtoto alikuwa amechoka lakini anazungumza, aliniambia anataka kurudi nyumbani.

Nilisaga nusu kidonge, tukamnywesha. Dakika kumi, akatapika. Nikafanya jambo sahihi: nikarudia dozi mara moja, kwa maana ikitoka ndani ya nusu saa unahesabu haikuingia. Ilikaa dakika ishirini, nayo ikatoka. Pale njia ya mdomo ilikuwa imekwisha. Kadi yake ya kliniki ilisema hivyo kwa wino mwekundu, na mama akanisomea: "Daktari, hapa wameandika akitapika ya pili achomwe sindano."

Nikamjibu, "Mama, tumsubiri kidogo tumbo litulie. Unaona anaongea vizuri."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani miaka mingi. Kwenye faili niliandika ondansetroni, ORS kwa kijiko, na haidrokotisoni kwa mdomo akitulia. Chati ya dawa ilikuwa na alama mbili za vema kwamba amepewa. Mtu akisoma faili lile angeona mtoto aliyepata dozi mbili za stresi. Damuni mwake hakukuwa na hata moja.

Kwa nini sikuchoma? Nilidhani sindano ni ya mtoto aliyezimia. Niliogopa steroidi kwa mtoto mwenye maambukizi ambayo sijayajua. Na nilikuwa nasubiri majibu ya sodiamu na potasiamu kutoka maabara, kana kwamba namba hizo ndizo zingeniambia ana ugonjwa ambao mama yake aliishi nao kwa miaka mitatu na nusu. Kubwa kuliko yote, sikuelewa kwamba kutapika kwenyewe kunaweza kuwa dalili ya kotisoli kuisha. Niliona tumbo linaloizuia dawa, kumbe ukosefu wa dawa ulikuwa unalichafua tumbo. Ondansetroni haiwezi kutibu hilo. Ungesubiri atulie, angetulia kwa kulegea.

Na ndivyo alivyotulia. Saa tisa usiku sista aliniita. Mtoto alikuwa amelala usingizi usioamshika, mikono na miguu baridi hadi viwikoni na magotini, ukibonyeza ngozi damu inarudi baada ya sekunde tano, mapigo 170. Sukari 1.9. Nikaanza kutafuta mshipa wa kumwekea kanula. Mkono wa kulia, haukupatikana. Wa kushoto, ukapasuka. Na nikiwa mguuni akaanza degedege. Sista, mtu wa miaka mingi wodini, akaniwekea bomba la sindano mkononi lenye dawa tayari, akasema, "Dokta, paja halihitaji mshipa."

Tulimchoma miligramu 50 kwenye paja. Kisha mwenzangu akapata mshipa, tukampa dekstrozi ya asilimia 10 mililita 70, yaani 5 kwa kila kilo, na nomosalaini mililita 280, yaani 20 kwa kila kilo. Degedege liliacha sukari ilipopanda. Kabla ya alfajiri alifungua macho, akaomba maji. Majibu ya maabara yalikuja asubuhi: sodiamu 122, potasiamu 6.4. Yalikuwa sahihi, na hayakuwa na kazi yoyote tena.

Tangu mama aliponisomea kadi hadi sindano ilipoingia zilipita saa sita na zaidi. Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu, "Kwani ile sindano mlikuwa hamna? Mimi nilidhani imeisha ndiyo maana mnasubiri." Ilikuwepo. Ilikuwa kwenye trei ya dharura, hatua nane kutoka kitandani kwake, usiku kucha. Nilimwambia ukweli huo, na sijawahi kutoa jibu gumu kuliko lile.

Basi nendeni na mpangilio huu. Dozi ya kwanza ikitoka ndani ya nusu saa, rudia mara moja. Ya pili ikitoka, sindano, palepale, hata kama mtoto anacheza. Mtoto aliyelegea, anayesinzia, mwenye degedege au anayeharisha sana, usianze kabisa na mdomo. Na kwenye chati ya dawa, alama ya vema iwekwe nusu saa baada ya kumeza, au uandike kando "imetapikwa".

3. Sindano yenyewe. Kichupa cha haidrokotisoni ya unga ni miligramu 100. Ukiyeyusha kwa mililita 2 za maji ya sindano, mililita moja ina miligramu 50. Chini ya mwaka mmoja, 25. Mwaka mmoja hadi mitano, 50. Miaka sita na kuendelea, 100. Mtakutana na miongozo inayokata umri tofauti, mingine inampa 25 hadi miaka mitatu. Msigombane juu ya hilo saa tisa usiku; dozi moja iliyozidi haitamdhuru, iliyochelewa itamdhuru. Chukua damu ya sukari na kemia kama mshipa upo, lakini usisubiri majibu. Baada ya hapo endelea na miligramu 50 hadi 100 kwa mita ya mraba kwa siku kupitia mshipani, zigawanywe kila saa sita. Binti yule tulimpa 12.5 kila mara, robo mililita, kiasi ambacho bomba dogo linapima bila kubahatisha.

Intani mmoja aliwahi kuniuliza kama deksamethasoni ingetosha, kwa kuwa ina nguvu zaidi. Nguvu inayo, lakini haina kazi ya kushika chumvi, na mtoto huyu anapoteza chumvi. Kama kwenye trei hakuna kingine, mpe usimwache, huku mtu akikimbia duka la dawa. Haidrokotisoni kwa dozi kubwa hushika chumvi yenyewe, ndiyo maana fludrokotisoni inaweza kusubiri hadi aanze kula.

4. Maji. Najua mmefundishwa FEAST, na mmefundishwa vizuri. Utafiti ule wa 2011 uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha kwamba kumwaga maji haraka kwa watoto wenye homa kali na mzunguko mbovu wa damu kuliongeza vifo. Lakini mtoto wetu amemwaga chumvi na maji kupitia figo na matapishi. Pengo lake ni la kweli. Watoto wenye kuharisha kukali hawakuingizwa kwenye utafiti ule. Mpe zile 20 kwa kilo, kisha rudi kitandani uguse ini, usikilize mapafu, uhesabu pumzi, kabla ya kuamua nyingine. Na potasiamu usiiweke kwenye dripu kabla ya kuona majibu na mkojo. Ikiwa juu, mara nyingi haidrokotisoni, sukari na nomosalaini zitaishusha. Insulini kwa mtoto huyu ni hatari, kwa sababu sukari yake haina akiba.

Kitu kidogo kinachosahaulika: anayetumia rifampisini, fenobabitoni au kabamazepini huiunguza haidrokotisoni haraka. Dozi zake za kawaida huenda tayari ni pungufu kabla homa haijaja.

5. Mama. Kabla ya kumruhusu, mwachie kichupa, maji ya sindano, mabomba mawili na kadi yenye dozi kwa mililita, si kwa miligramu pekee. Mfundishe kwa vichupa vilivyokwisha muda na chungwa. Achanganye mwenyewe, avute mwenyewe, achome chungwa mbele yako mara tatu, mara ya tatu bila wewe kusema neno. Kina mama wengi hutetemeka ya kwanza, na ya tatu wanakukosoa ulivyoshika bomba. Mwambie akichoma nyumbani bado aje hospitali, kwa kuwa ile dozi ni ya saa chache. Tarehe ya kichupa chake iangalie kila kliniki. Na akija usiku akakusomea kadi, acha ulichoshika, tembea hadi kwenye trei.